Barua ya Mwenyekiti Kuhusu Kuhama kwa Mikutano Yetu ya Simu

Hotuba ya Mwenyekiti wa chama cha kuweka na kukopa cha Gongo la Mboto, iliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama wanachama

Nimeombwa na Chama Kikuu nije kuwaeleza jinsi chama chetu kilivyohama kutoka katika programu ya mikutano tuliyoizoea na kuingia katika nyingine, na hasa niwasomee barua niliyowaandikia wanachama wakati ule. Yapo makatibu hapa ambao vyama vyao vinakutana kwa simu, na wapo ambao wanafikiria kuanza. Kwa hao wote nadhani barua yenyewe itawafaa kuliko maneno yangu mengi, kwa sababu inaonyesha ni mambo gani mwanachama wa kawaida huhitaji kuambiwa, na kwa mpangilio gani.

Kwanza nieleze hali yetu. Chama chetu kina wanachama 46. Wengi bado wanakaa Gongo la Mboto, Ukonga na Majohe, lakini wengine wamejenga Chanika na Kisarawe, na wanne wapo Maskati kikazi. Mkutano wa kila mwezi unaopitia maombi ya mikopo hufanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili usiku. Mwenye duka Kariakoo hawezi kufunga, akapanda daladala, akapita foleni ya barabara ya Pugu na kufika katika chumba cha mkutano kwa saa hiyo. Na hata akifika, mwenzake wa Chanika atakuwa anatazama saa ya kurudi. Ndiyo maana tangu mwaka 2020 mkutano huo tumeufanya kwa Skype. Mkutano Mkuu wa mwaka tunaendelea kuufanya ana kwa ana, na sina nia ya kumshauri mtu yeyote aubadilishe huo.

Skype ilianza mwaka 2003, kazi ya watayarishaji wa programu wa Estonia, na kampuni ya Microsoft ikainunua mwaka 2011. Tarehe 28 Februari 2025 Microsoft ilitangaza kwamba itaifunga, na siku ya mwisho ikawa tarehe 5 Mei 2025. Tulikuwa na miezi miwili na siku chache. Waliozoea Skype walielekezwa wahamie Microsoft Teams, ambako wangeingia kwa akaunti ileile na kukuta majina na mazungumzo yao.

Halmashauri yetu haikuchukua njia hiyo mara moja, wala haikuikataa kwa chuki. Ilikaa ikajiuliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa muda. Mikutano ya bure ya watu wengi katika Teams hukatika baada ya dakika 60; katika Google Meet ni vivyo hivyo wanapokuwa watu watatu au zaidi; katika Zoom ni dakika 40. Kwa kipimo hicho peke yake Zoom ingeshindwa. La pili lilikuwa mlango wa kuingilia. Wanachama wetu wengi walinunua simu zikafunguliwa na mwenye duka au na mtoto, na hawajui neno la siri la akaunti iliyomo ndani. Katika Zoom, mwalikwa hahitaji akaunti yoyote: huandika namba ya mkutano na neno la kuingilia, basi. Zaidi ya hayo, tulipohesabu, wanachama 17 walikwisha kuwa nayo katika simu zao kwa ajili ya mikutano ya shule na ya kanisa. Tukaona ni afadhali kupungukiwa dakika 20 kuliko kupungukiwa watu.

Mtu atauliza, na swali hili liliulizwa kwetu kwa sauti kubwa: kwa nini msitumie simu ya WhatsApp ambayo kila mtu anayo? Jibu ni kwamba simu ya kundi ya WhatsApp inachukua watu 32, nasi tupo 46. Tena simu za WhatsApp zilizuiwa nchini Omani kwa miaka mingi, na wale wanne wa Maskati wana akiba kama sisi na kura kama sisi. Kabla ya kuandika barua tuliwaomba wajaribu Zoom huko waliko, wakatuarifu kwamba inafunguka na sauti inapita.

Sasa niisome barua. Niliiandika tarehe 14 Aprili 2025, ikachapwa na kugawiwa kwa mkono kwa walio karibu, na kwa walio mbali ikatumwa picha yake.

"Ndugu Mwanachama,

Mikutano yetu ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi haitafanyika tena kwa Skype. Programu hiyo itafungwa na wenyewe tarehe 5 Mei 2025. Kuanzia mkutano wa tarehe 3 Mei 2025 tutakutana kwa programu inayoitwa Zoom. Siku ya mkutano na saa havikubadilika: ni Jumamosi, saa mbili kamili usiku kwa saa za Dar es Salaam. Kwa ndugu walioko Maskati ni saa tatu usiku kwa saa za huko.

Kabla ya siku hiyo tutafanya mkutano wa majaribio Jumamosi tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano, saa kumi jioni. Hakutakuwa na jambo la kuamuliwa siku hiyo. Tutaitana majina tu na kuhakikisha kila mtu anasikia na anasikika.

Programu hii ni ya bure. Hakuna ada ya kuiweka, hakuna ada ya kujiandikisha, na Chama hakitamtuma mtu yeyote kuja kukusanya fedha kwa ajili yake. Ukipokea ujumbe unaokutaka utume fedha kwa namba yoyote ili 'uunganishwe' na mkutano mpya, usitume. Mpigie Katibu kwa namba yake iliyo katika kitabu chako cha akiba, si kwa namba iliyokuja na ujumbe.

Namna ya kuiweka katika simu ni hii. Kwanza tazama kama simu yako ina nafasi, kwa kuwa programu hii huzidi megabaiti 100. Kama simu inakuambia imejaa, futa video za zamani za WhatsApp. Hizo ndizo hula nafasi kubwa. Kisha fungua Play Store, yaani ile alama ya pembetatu ya rangi ambako programu zote za simu hupatikana. Gusa mahali pa kutafutia juu ya kioo na uandike maneno haya:

```
Zoom Workplace
```

Hilo ndilo jina lake jipya tangu mwaka 2024; zamani iliandikwa kwa jina jingine, lakini ni ileile. Zitatokea programu kadhaa zenye majina yanayofanana. Chagua yenye jina hilo kamili, kisha gusa neno 'Install' na usubiri hadi neno hilo ligeuke kuwa 'Open'. Mwenye iPhone atafanya hivyohivyo katika App Store. Usikubali kuwekewa programu hii kwa faili lililotumwa kwa WhatsApp, hata kama aliyelituma ni mwanachama mwenzako. Simu ikikuuliza kama unaruhusu programu kutoka mahali pasipojulikana, jua kwamba umeacha njia.

Ikiisha kuwekwa, ifungue. Utaona maneno yanayokutaka ujiandikishe au uingie kwa akaunti. Yaache. Gusa 'Join a meeting', maana yake jiunge na mkutano. Andika namba ya mkutano ambayo Katibu atakutumia siku mbili kabla. Chini yake pana mahali pa kuandika jina, na huenda pakawa na jina la simu yako. Lifute. Andika jina lako kama lilivyo katika daftari la wanachama, na mbele yake namba yako ya uanachama. Kisha gusa 'Join', na uandike neno la kuingilia, ambalo pia litatoka kwa Katibu.

Simu itakuuliza kama unairuhusu Zoom kutumia kipaza sauti. Kubali, kwa kugusa 'While using the app'. Ikikuuliza kuhusu kamera unaweza kukataa. Hatuhitaji kuonana nyuso, na picha hula bando. Kisha utasubiri kidogo nje, kama mtu aliyebisha hodi, mpaka Katibu akufungulie. Usitoke wala usianze upya. Ukianza upya unarudi mwisho wa foleni.

Ukifunguliwa, tazama sehemu ya chini ya kioo. Ukiona picha ya kipaza sauti, umeshaunganishwa. Ukiona picha ya vifaa vya masikioni, bado huna sauti: iguse, kisha chagua 'Wi-Fi or cellular data'. Wakati husemi, kipaza sauti kiwe kimepigwa mstari mwekundu. Ukitaka kusema, kiguse, mstari uondoke.

Mwenye simu ya kitochi hawezi kuweka programu hii, na wala hatakiwi kununua simu nyingine kwa ajili ya mkutano. Katibu atampangia mwanachama jirani ambaye watakaa pamoja, na mahudhurio yake yatahesabiwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Wako katika ushirika,
Mwenyekiti."

Ndugu Makatibu, hiyo ndiyo barua. Naomba sasa nitoe maelezo juu ya sehemu zake chache, kwa sababu kila mstari uliomo umewekwa kwa sababu, na sababu nyingine zilionekana vizuri zaidi siku ya majaribio.

Mtaona kwamba saa imeandikwa kwa maneno. Unapoandaa mkutano katika Zoom, programu yenyewe hukutungia ujumbe wa mwaliko uliokwisha kujazwa, na ndani yake saa huandikwa "8:00 PM". Anayeandaa mkutano hushawishika kuunakili na kuutuma vilevile. Kwa mtu aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili, tarakimu ile ni saa nane. Kikundi kimoja jirani kiliutuma mwaliko kama ulivyo, na watu wake watatu wakakaa mchana saa nane wakingoja mlango usiofunguliwa, kisha usiku wakalala. Katibu wetu huunakili mwaliko, akaufuta mstari wa saa na kuandika "saa mbili usiku". Kwa walioko nje ya nchi huongeza saa yao, kwa sababu Maskati ipo mbele yetu kwa saa moja.

Jambo la majina lilitupa kazi zaidi. Siku ya Muungano waliingia watu 29. Kati yao 11 walionekana katika orodha kwa majina ya simu zao: palikuwa na "TECNO" wawili, palikuwa na "Galaxy", palikuwa na "itel", na mmoja alikuwa na jina la mwanawe anayesoma darasa la tano. Kama mkutano unaongea tu, hilo halina neno. Lakini masharti yetu yanataka nusu ya wanachama, yaani watu 23, ili mkopo uweze kuidhinishwa. Ukiondoa wale 11 wasiojulikana, unabaki na 18, na akidi haipo. Katibu hawezi kuandika katika mihtasari kwamba TECNO aliafiki mkopo wa shilingi milioni mbili. Kwa hiyo siku ile tulitumia muda mwingi kuwafundisha watu kubadili majina. Mwenye mkutano naye anaweza kumbadilishia mtu jina kutoka kwake: hugusa jina lake katika orodha ya washiriki na kuchagua "Rename". Lakini tumekubaliana kwamba Katibu hafanyi hivyo mpaka amsikie mtu mwenyewe akijitaja kwa sauti, na sauti hiyo itambuliwe na angalau mmoja wa wajumbe.

Kwa sababu hiyohiyo hatupigi kura kwa kuinua vile vidole vya picha. Katibu huita majina kwa mpangilio wa daftari, na kila mmoja hujibu "naafiki", "sikubali" au "sina uamuzi". Wawili waliokaa kwenye simu moja hujibu kila mtu kwa zamu yake. Ni njia ya polepole, lakini majibu 30 huchukua kama dakika tatu, na mwisho wake hakuna anayeweza kusema hakuulizwa.

Niseme pia juu ya wageni wasioalikwa. Mwaka 2020, dunia nzima ilipohamia katika mikutano ya namna hii, wahuni walikuwa wakikisia namba za mikutano na kuingia kutukana watu. Kuanzia Aprili mwaka huo Zoom ikaweka neno la kuingilia na chumba cha kusubiri vifanye kazi bila mwenye mkutano kuomba. Chumba cha kusubiri kinaweza kuzimwa na mwenye mkutano, na mara nyingi huzimwa na mtu anayeona uvivu kufungulia watu mmoja mmoja. Kwetu hakizimwi. Kikao cha mikopo kina majina ya watu, kiasi wanachodaiwa na sababu za kuchelewa kulipa. Mtu wa nje akisikia kwa dakika tano tu, kesho yake ana habari za kutosha kumpigia mwanachama akajifanya Mweka Hazina.

Na hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya kipindi cha kuhama. Katika wiki ambazo watu wanajua kwamba kuna mabadiliko, kila ujumbe wenye neno "mpya" unaaminika. Ndiyo maana barua ilitangulia kwa karatasi yenye muhuri, na namba ya mkutano ikaja baadaye peke yake. Wengi hupenda kutumiwa kiungo, ambacho sote tunakiita linki, ili waguse mara moja. Si vibaya, mradi mtu ajue kukisoma. Kiungo cha kweli cha Zoom kina umbo hili:

```
https://us05web.zoom.us/j/00000000000
```

Tazama kilichopo baada ya mistari miwili ya mwanzo mpaka kufika kwenye mstari mmoja unaofuata. Sehemu hiyo lazima iishie kwa "zoom.us" au "zoom.com". Sasa tazama hiki:

```
https://zoom.us.mkutano-mpya.example/j/00000000000
```

Hiki kina neno "zoom.us" ndani yake, na mtu mwenye haraka atakiamini. Lakini sehemu ile haiishii hapo. Inaendelea na kuishia kwa jina jingine, na mwenye jina hilo la mwisho ndiye mwenye nyumba. Nimewafundisha hata wazee wa chama kwa maneno hayo: usisome kibao cha barazani, soma jina la mwenye kiwanja. Asiyeweza kusoma kiungo na aandike namba ya mkutano kwa mkono, kama barua inavyosema. Ukiandika namba ndani ya programu yenyewe hakuna njia ya kupotoshwa upelekwe mahali pengine.

Nije kwenye bando, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mwanachama. Mkutano wa sauti tupu hutumia kiasi cha kilobiti 80 kwa sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Kwa dakika 40 hizo ni karibu megabaiti 48 kwa jumla. Ukiwasha picha nzuri, kwenda na kurudi hufika kilobiti 1,600 kwa sekunde, na dakika zilezile 40 hula megabaiti 480. Ni mara kumi. Hesabu hiyo tuliiandika ubaoni siku ya Mkutano Mkuu na watu wakaelewa mara moja. Mwenyekiti na Katibu huwasha picha dakika mbili za mwanzo ili waonekane, kisha huzima. Mwombaji wa mkopo mkubwa naye tunamtaka awashe picha anapojieleza, na hilo nadhani ni haki.

Juu ya dakika 40: hatukulipia. Tuliligawa shauri katika vipindi viwili, kila kimoja na namba yake. Cha kwanza huanza saa mbili kamili, na ndani yake tunamaliza maombi ya mikopo. Programu hutoa onyo muda unapokaribia kwisha, lakini hatungoji onyo. Dakika ya 35 Katibu hufunga mazungumzo. Kisha tunapumzika. Cha pili huanza saa tatu kasoro dakika tano, na jambo lake la kwanza ni Katibu kusoma maazimio aliyoyaandika wakati wa mapumziko. Mapumziko hayo, ambayo mwanzoni yalionekana ni usumbufu, yametupa mihtasari safi kuliko tuliyokuwa nayo katika Skype, ambako kikao kiliweza kwenda hadi saa nne usiku na Katibu akaandika kesho yake kwa kukumbuka. Chama chenye ajenda ndefu kinaweza kulipia akaunti moja tu, ya mwandaaji, waalikwa hawalipi. Lakini ningewashauri mjaribu vipindi kwanza.

Sasa suala la kumbukumbu, ambalo napenda makatibu walisikilize kwa makini. Kwa miaka mitano maazimio yetu mengi yalikuwa yameandikwa katika mazungumzo ya maandishi ya Skype: nani kakopa, nani kadhaminiwa na nani, tarehe gani kaahidi kulipa. Microsoft iliruhusu watu kuchukua kumbukumbu hizo hadi Januari 2026, kisha zikafutwa. Katibu wetu aliziomba mwezi Aprili 2025 na akapewa faili moja kubwa lililofungwa, na ndani yake maneno yote yalikuwa katika faili liitwalo `messages.json`. Hilo ni faili la kusomwa na mashine. Mtu akilifungua huona mabano na alama, na maneno ya binadamu yamejificha katikati. Ilibidi Katibu na Mweka Hazina wakae jioni nne, wakitafuta humo jina la kila mdaiwa, na kunakili kila azimio katika kitabu cha mihtasari kwa wino, pamoja na tarehe yake. Walikuta dhamana saba ambazo hazikuwa zimeandikwa mahali pengine popote. Dhamana saba ni fedha za watu. Leo sheria ya ndani ni kwamba azimio ambalo halijaingia katika kitabu chenye kurasa zenye namba, likasainiwa, si azimio, hata kama lilisemwa mbele ya watu 40. Maandishi ya pembeni katika Zoom tunayatumia kwa salamu tu.

Yapo matatizo madogo ya usiku wa mkutano ambayo hujirudia. Ukisikia sauti inarudi kama mwangwi kisha inageuka mlio mkali, maana yake simu mbili ziko chumba kimoja, zote zimefungua kipaza sauti. Hutokea sana kwa mume na mke ambao wote ni wanachama. Mmoja azime kipaza sauti na apunguze sauti ya spika, au watumie simu moja. Ukimwona mwanachama midomo inacheza na husikii kitu, mwulize kama anaona vifaa vya masikioni chini ya kioo. Siku ya majaribio watu wanne walikuwa katika hali hiyo, na wote walisaidiwa kwa simu ya kawaida ndani ya dakika tano. Ukiona simu inaandika "Your device isn't compatible with this version" pale Play Store, simu hiyo ni ya zamani kuliko programu, na hakuna ufundi utakaosaidia. Huyo apangiwe jirani kama mwenye kitochi. Chama chenye kompyuta ofisini kinaweza kuingia bila kuweka programu, kwa kuchagua "Join from your browser".

Kuhusu mtandao kukatika: wengi mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika na intaneti ikazorota nchini. Tulijifunza kuwa na kanuni iliyoandikwa mapema. Kanuni yetu ni kwamba Katibu huhesabu watu kabla ya kila kura. Wakipungua 23, mkutano unaendelea kwa mazungumzo tu, na maombi yaliyobaki yanasogezwa Jumamosi inayofuata. Mwanachama aliyekatika baada ya kujibu kura yake, kura hiyo inabaki. Aliyekatika kabla, haulizwi kwa ujumbe wala hapigiwi kura na mtu mwingine. Kila chama kitazame masharti yake kabla ya kuweka kanuni kama hii, kwa sababu Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inatuongoza sote, lakini akidi na taratibu za kikao mara nyingi utazikuta katika masharti ya chama chenyewe.

Nimalizie na wenye kitochi. Kwetu ni wanachama sita. Wawili wanakaa karibu na kituo cha treni, nao huja nyumbani kwa Mweka Hazina. Watatu wamegawiwa kwa majirani wa Majohe. Wa sita ni mama wa Chanika ambaye hana mwanachama wa karibu. Kwake tulifanya hivi: usiku wa mkutano mjumbe mmoja aliyeko peke yake chumbani humpigia simu ya kawaida, akaiweka simu hiyo kando ya ile yenye Zoom, zote zikiwa na spika. Sauti si nzuri, na lazima mjumbe huyo azime spika ya mkutano mama anapozungumza, la sivyo mwangwi unaanza. Lakini Mei 2025 aliitwa jina, akajibu "sikubali" kwa mkopo mmoja, akaeleza sababu yake, na mkopo ule ukarudishwa kwa mwombaji akatafute mdhamini wa pili. Muda wa maongezi wa simu ile hulipwa na Chama, na huandikwa katika matumizi ya ofisi.

Nakala ya barua ninayo hapa kwa katibu anayetaka kuinakili. Abadili tarehe, saa na idadi, na jina la programu kama halmashauri yake imechagua nyingine.